Ubao Uliosubiri Mwezi

Siku hizi mtu akitaka kuandika tangazo la duka anakaa zake kwenye kochi, kidole kinatembea kwenye simu, akikosea anafuta, na hakuna aliyeona. Mwaka sabini na tatu, pale Mbeya, tangazo lilikuwa ubao. Ubao unapakwa rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta ikishakauka, basi, maneno yako ni yako. Kila anayepita anayasoma, na wewe uko palepale unamwona anavyoyasoma.

Jailos alikuwa fundi wa mbao hizo. Kijana wa Ilomba, miaka ishirini na mbili, suruali yake ya bugaluu inafagia vumbi la mtaa mzima, na sikioni kachomeka brashi kama karani anavyochomeka kalamu. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza herufi kwa kuangalia maandishi ya malori yaliyokuwa yanapita kwenda Zambia, anayachora chini kwa kijiti, anafuta kwa mguu, anachora tena. Alipofika huo umri, herufi zake zilikuwa zimesimama wima mpaka unatamani kuzipa shikamoo.

Kazi yake kubwa ilikuwa dukani kwa Bi Mwanaidi, karibu na soko. Bi Mwanaidi alikuwa mjane, mzaliwa wa Iringa aliyeolewa Mbeya, na duka lake lilikuwa la nguo: magauni ya watoto, kanzu, kaptula, khanga, kofia. Kwenye ukuta wa mbele kulikuwa na picha kubwa aliyoichora Jailos mwenyewe, baba na mama na watoto wawili, wote wamevaa wakapendeza. Chini ya picha palikuwa na misumari minne, na kwenye ile misumari ndipo ulipokuwa unaning'inizwa ubao wa maneno. Picha ilikuwa ileile mwaka mzima. Maneno ndiyo yalikuwa yanabadilika: Krismasi, Pasaka, shule zikifunguliwa, Idi.

Sasa, Ramadhani ilipofika katikati, Bi Mwanaidi akafunga safari kwenda Iringa kufuata nguo za watoto kwa kaka yake, aliyekuwa anauza kwa jumla. Kabla hajapanda basi alimwita Jailos, akampa karatasi.

"Mwanangu, haya ndiyo maneno ya chini ya picha. Uyaandike kwa zile herufi zako nzuri. Nikirudi niyakute juu."

"Hewala, Bi Mkubwa. Utayakuta yanang'aa."

Karatasi ilisema hivi: *Ramadhani njema. Mungu atufikishe Idi salama. Nguo za watoto zipo, kila moja imepunguzwa shilingi mbili mpaka mwezi uandame. Karibuni.*

Jailos akayasoma. Akayasoma tena. Akaenda barazani alikokuwa amekaa Fanueli, fundi cherehani wa duka, mzee wa Kikinga mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Mzee Fanueli, hebu sikia. Haya ni maneno ya tangazo au ni barua ya shangazi?"

Fanueli hakuinua kichwa. "Yana ubaya gani?"

"Yamepoa! Mtu anapita na haraka zake, hapa hakuna cha kumshika shati. Yanatakiwa yamshtue."

"Mtu amefunga toka alfajiri, wewe unataka umshtue."

"Nitayatia chumvi kidogo tu."

"Chumvi mchana wa mfungo," alisema Fanueli, akakanyaga cherehani, trrrr, na maongezi yakaishia hapo.

Jailos alipiga mistari kwa uzi wa chaki, akachanganya rangi nyekundu, ile nyekundu inayopiga kelele, akafanya kazi siku nzima mpaka mkono ukafa ganzi. Kesho yake mchana, rangi ilipokauka, akapanda ngazi akautundika ubao. Kweli, ulikuwa unaonekana toka stendi:

IDI IMEFIKA!
NANI ATAKWENDA KUSALI NA NGUO YA MWAKA JANA?
WAHI KWA BI MWANAIDI! BEI IMESHUKA! ZIMEBAKI CHACHE!

Alishuka, akarudi nyuma hatua kumi, akakunja mikono kifuani. Moyo wake ulikuwa unacheza ngoma.

Na hapo ndipo alipotokea Mzee Mwidini.

Huyu alikuwa mtu wa Rujewa, Msangu, anauza mchele pale sokoni, mpole, kofia yake imefuliwa mpaka viua vimekuwa vyeupe. Mwaka ule alikuwa ameanza kisomo cha watu wazima, na mtu aliyeanza kisomo ukubwani, jamani, anasoma kila kitu. Mifuko ya saruji anasoma. Vibiriti anasoma. Siku hiyo alikuwa amemshika mkono binti yake, Siwema, wa miaka minane hivi. Akasimama mbele ya ubao, akainua kidole hewani.

"I... di. Idi. I-me-fi-ka. Imefika." Akacheka, akamgeukia binti yake. "Umesikia? Nimesoma!"

"Endelea, mzee!" Jailos akaita kwa furaha. Msomaji wake wa kwanza huyo, na anasoma kwa sauti! Pale barazani kulikuwa na wanawake watatu waliokuwa wametoka kununua tambi na sukari, nao wakasimama, wanatabasamu, wanamsubiri. "Twende mzee, mstari wa pili!"

"Na-ni. Nani. A-ta-kwe... atakwenda. Ku-sa-li. Nani atakwenda kusali. Na... ngu-o. Nguo. Ya. Mwa-ka. Mwaka..."

"Jana!" akasema Siwema, ambaye shuleni alikuwa ameshafika darasa la pili.

"Jana," akasema baba yake.

Kidole kikabaki hewani. Unajua mtu anayesoma kwa kuunga vipande, maana inamfikia mwishoni, ikiwa nzima, kwa mara moja. Jailos aliiona inavyomfikia. Mzee Mwidini alimtazama Siwema. Mtoto alikuwa amevaa gauni la njano, safi, limepigwa pasi, lakini lilikuwa limeacha magoti nje kabisa.

"Nani atakwenda kusali na nguo ya mwaka jana," akarudia taratibu, kama aliyeulizwa swali darasani. Halafu akajibu, kwa sababu ameulizwa.

"Mimi, mwanangu," alimwambia Jailos. "Mimi na huyu."

Akamshika mtoto mkono, wakaondoka. Hakutukana. Afadhali angetukana. Wale wanawake watatu waliutazama ubao, wakamtazama Jailos, mmoja akavuta khanga yake akajifunika vizuri, wakavuka barabara wakaenda upande wa pili.

Cherehani ya Fanueli ilikuwa imenyamaza.

"Haya," akasema Fanueli. "Umewashtua."

*

Usidhani Jailos aliuteremsha ubao saa ileile. Alijidanganya kidogo. Alijiambia mzee yule ni mtu wa kuona haya tu, wengine watakuja. Lakini siku ya pili hakuja mtu. Siku ya tatu akaja mmoja, mwalimu Mlutheri anatafuta vifungo. Wiki ile ndiyo wiki ambayo kina mama huwa wanapanga foleni na watoto wao kupimwa magauni, na Fanueli alikuwa amekaa anasafisha cherehani iliyokwisha kusafishwa. Watu walipita. Walisoma, wakapita. Wengine walipita bila kusoma, kwa sababu walishasomewa kisimani na msikitini. Maneno yalikuwa yamebadilika kidogo njiani, ndivyo maneno yalivyo, sasa ikawa inasemwa kwamba Bi Mwanaidi amepata pesa mpaka anacheka maskini wakati wa mfungo.

Siku ya nne ndipo basi la Iringa likamteremsha. Alikuwa amelipandia Ipogolo, kulekule Iringa, alfajiri, uso umejaa vumbi, nyuma yake wapagazi wawili wamebeba robota la nguo. Alifika mbele ya duka, akasimama. Hakuingia. Aliutazama ubao kwa muda mrefu.

"Jailos."

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Pole na safari."

"Marahaba. Nisomee."

"Bi Mkubwa si unaona mwen..."

"Macho yangu yana vumbi. Nisomee. Kwa sauti, kama wanavyosoma wateja."

Jailos akafungua mdomo. Mstari wa kwanza ulitoka. Wa pili ukakwama. Akajaribu tena, ukakwama palepale alipokwama Mzee Mwidini. Kumbe kuandika ni jambo moja, na kulisema neno hilohilo mbele ya mtu anayekutazama machoni ni jambo jingine.

"Umeona," alisema Bi Mwanaidi. "Wewe uliyeyaandika huwezi kuyasema. Sasa mimi ndiyo nasema hivyo, toka asubuhi mpaka jioni, siku nne, kwa kila anayepita. Maana lile pale ni jina langu, si lako."

"Nisamehe, Bi Mkubwa. Nilitaka wanunue."

"Najua ulichotaka. Idi haijafika, Jailos. Leo ni mwezi ishirini. Mtu hatangaziwi Idi kabla mwezi haujaonekana, kila mtu anaomba Mungu amfikishe. Halafu 'zimebaki chache'! Mimi nimepanda basi mpaka Iringa, nimeleta robota zima, unaliona hilo, wewe unasema zimebaki chache. Nimefunga, halafu duka langu limesimama barabarani linadanganya."

Fanueli akakohoa. "Mwambie na la Mwidini."

Jailos akamwambia lote, hakuficha, mpaka lile jibu la "Mimi na huyu". Bi Mwanaidi akakaa kwenye robota.

"Gauni la njano?" aliuliza. "Lina vifungo vya kahawia mgongoni?"

"Ndiyo."

"Fanueli, si lile letu?"

"Letu," alisema Fanueli. "Nilishona mwenyewe. Idi iliyopita."

Hapo sasa Jailos ndiyo alitamani ardhi ipasuke. Ubao wa duka umemcheka mteja kwa kuvaa nguo ya dukani hapohapo!

Bi Mwanaidi hakupandisha sauti. Alisema, "Mwidini ni mtu wa msikiti wetu. Kina mama wote hawa tunasali pamoja, tunazikana. Nguo nikikosa kuuza, nitauza Krismasi, Inshallah. Lakini nikiingia kwenye sala ya Idi watu wananitazama hivi, hiyo siwezi kuiuza tena. Tuna siku tisa, labda kumi. Rekebisha. Ukiweza, mbao zangu zote ni zako. Ukishindwa, utafute kwingine pa kutia chumvi."

*

Jailos alienda sokoni mchana huohuo. Njiani alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma, akakumbuka anakwenda kwa mtu aliyefunga, akautia mfukoni mwa bugaluu ukiwa wa moto hivyohivyo. Akamkuta Mzee Mwidini amekaa nyuma ya magunia ya mchele, ana kipande cha gazeti, anasoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ah! Mwandishi."

"Mzee, nimekuja kuomba radhi. Sina la kujitetea."

Mzee Mwidini alikunja gazeti lake vizuri. "Nikwambie kitu, kijana. Mimi sikukasirika kwa ajili yangu. Ule ulikuwa ubao wa kwanza maishani mwangu kuusoma mwenyewe. Wa kwanza! Miaka hamsini nimepita kwenye mbao za watu nazitazama kama ng'ombe anavyotazama. Siku nimejua kusoma, ubao wa kwanza unaniuliza swali lile, na mtoto wangu anasikiliza."

Jailos aliangalia miguu yake.

"Na lile gauni," akaendelea mzee, "halina ubaya wowote. Halijachanika, halijapauka sana. Mtoto ndiye karefuka. Sasa nimlaumu mtoto kwa kukua? Mwaka huu mpunga umeshikwa na jua kule Rujewa, nimemwambia mama yake, mwaka huu tutavaa tulichonacho, safi, inatosha. Mtume hakusema mpya. Tuvae kilicho kizuri katika tulivyonavyo."

"Mtoto ndiye karefuka," Jailos akarudia.

"Ndiyo. Mbona unanitolea macho?"

"Nisamehe mzee, ngoja... nakuja... nakwenda!" Akaondoka mbio, bugaluu linapepea, muhindi unamuunguza paja.

Alifika dukani anahema. "Mzee Fanueli! Lile gauni la njano lina upindo kiasi gani?"

"Vidole vinne," Fanueli akajibu bila kufikiri. "Nguo za watoto zote naacha vidole vinne kwa ndani. Ndiyo maana zinadumu. Bi Mkubwa huwa anawaambia wazazi, hii itamfaa miaka miwili."

"Huwa unawaambia?" Jailos akamgeukia Bi Mwanaidi.

"Siku zote."

"Basi mwaka wa pili ndiyo huu! Si tuwashushie?"

Bi Mwanaidi na Fanueli wakatazamana. Fanueli akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Ukishusha upindo," alisema Fanueli, "panabaki alama. Ule mkunjo wa zamani unaonekana, halafu kitambaa cha ndani hakijapigwa jua, kinakuwa cha rangi iliyokolea kuliko juu. Lakini ukipitisha utepe juu ya ule mstari, inakuwa kama urembo. Mtu atadhani ndivyo ilivyoshonwa."

"Utepe tunao?"

"Boksi zima. Hakuna anayenunua."

"Na akija Mkristo naye na gauni lake?"

"Ashushiwe," akasema Bi Mwanaidi. "Upindo hauna dini. Leta karatasi."

Wakakaa watatu kwenye baraza. Bi Mwanaidi akashika kalamu na Jailos akashika kichwa.

"Tuanze na ile salamu yako uliyoandika mwanzo," Jailos akasema. "Ile ya Ramadhani njema. Sasa nimeielewa. Unabisha hodi kwanza."

"Hujambo mwanangu, unakua na wewe. Fanueli atakushusha upindo."

"Halafu nguo mpya, shilingi mbili. Hapa je, nisiweke hata 'wahi' moja? Ndogo?"

"Ya nini?"

"Watajuaje kwamba wawahi?"

"Mwenye watoto watano," alisema Fanueli, "anajua Idi ni lini kuliko wewe na rangi yako. Wewe mwambie kipo nini na mwisho lini. Haraka atakuja nayo mwenyewe."

"Mwisho lini, tuweke tarehe?"

"Mwezi hauna tarehe mpaka uonekane," alisema Bi Mwanaidi. "Andika mpaka mwezi uandame. Wote wataelewa."

Neno lililowachukua muda ni lile la mwisho. Jailos alitaka kuandika kwamba duka linaomba radhi. Bi Mwanaidi akakataa. Akasema ukitangaza radhi barabarani, unamtaja tena Mwidini, asiyejua ataanza kuuliza. Jailos akaandika, akafuta, akaandika. Wakausoma mstari alioupata. Bi Mwanaidi akautamka kwa sauti mara mbili, akitazama barabarani, kama anamwambia mtu.

"Huu nautamka," alisema. "Huu uandike."

Kulikuwa na shida moja. Nyekundu, jamani, haifichiki. Jailos alipiga msasa ubao mzima, akapaka nyeupe, ikakauka, asubuhi akakuta NANI imechungulia, ya waridi, kama mtu nyuma ya pazia. Akapaka tena. Ikachungulia tena. Siku mbili zikapotea hivyo, na siku zenyewe za kuhesabu.

"Geuza," alisema Fanueli, amechoka kumtazama.

"Nini?"

"Ubao una pande mbili, mwana wee. Huo mwingine ulikuwa unauwekea nani?"

Jailos akageuza. Akapaka nyeupe, na safari hii akachukua rangi ya bluu, ile ya kutulia. Usiku wa Mbeya una baridi, rangi haina haraka ya kukauka, kwa hiyo ubao ukalala ndani karibu na jiko la mkaa. Mwezi ishirini na nne asubuhi akautundika. Upande wa nyekundu ukatazama ukutani.

Juu kabisa, pale ambapo maneno huwa yanaanza, Jailos aliacha nafasi nyeupe, mstari mzima, tupu. Chini yake kulikuwa na haya:

RAMADHANI NJEMA. MUNGU ATUFIKISHE IDI SALAMA.
NGUO ZA WATOTO ZIPO. KILA MOJA IMEPUNGUZWA SHILINGI MBILI MPAKA MWEZI UANDAME.
NGUO YA MWAKA JANA NAYO NI NGUO YA IDI. ILETE, FUNDI ATASHUSHA UPINDO NA KUTIA UTEPE. HAKUNA MALIPO.
KARIBUNI.

Asubuhi ile hakuja mtu. Saa sita akasimama mwanamke mmoja, wa wale watatu wa siku ile, akasoma polepole, mdomo unacheza.

"Wewe kijana. Huko juu mbona pako wazi? Rangi imekwisha?"

"Hapana, mama. Tunasubiri mwezi. Ukionekana ndiyo nitaandika Idi Mubarak."

Yule mama akamtazama, safari hii vizuri. "Kumbe una adabu. Nilidhani suruali imekula akili." Akaondoka. Jioni akarudi na kaptula mbili na gauni, amefunga kwenye khanga, na majirani wawili. Alitoa zile za kushusha upindo, halafu akaomba aonyeshwe kanzu ya mtoto wa kiume, mpya.

Kesho yake Fanueli alikuwa haonekani, ni miwani tu juu ya rundo la nguo. Walileta Waislamu, wakaleta na Wamoravian. Wengine walishusha upindo wakaenda zao, hawakununua kitu, na Bi Mwanaidi aliwasindikiza mpaka ngazini vilevile kama aliyenunua magauni matatu. Wengi walinunua. Lile robota la Iringa likaanza kupungua.

Lakini Mzee Mwidini hakuja. Jailos alikuwa anahesabu. Ishirini na tano, hakuja. Ishirini na sita, hakuja. Ishirini na saba, Jailos hali chakula, utadhani na yeye amefunga.

Mwezi ishirini na nane, baada ya alasiri, akamwona anavuka barabara. Siwema yuko naye. Mkononi mzee ana kifurushi cha gazeti. Jailos akataka kumwita, Fanueli akamkanyaga mguu.

Mzee Mwidini akasimama mbele ya ubao. Akainua kidole. Watu waliokuwa barazani wakageuka kumtazama, kwa sababu wengi walikuwa wanajua.

"Ra-ma-dha-ni. Nje-ma." Akaendelea hivyo, kipande kwa kipande, hana haraka. Alipofika mstari wa tatu, sauti ikashuka. "Ngu-o. Ya. Mwa-ka. Ja-na." Siwema alimshika baba yake kanzu. "Na-yo. Ni. Nguo. Ya. I-di."

Akasimama pale. Maana ikamfikia, nzima, kwa mara moja.

Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena, sasa kwa mkupuo, kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya darasa: "Nguo ya mwaka jana nayo ni nguo ya Idi!" Halafu akamgeukia binti yake. "Umesikia? Imeandikwa."

Akapanda ngazi. Bi Mwanaidi akatoka nje mwenyewe.

"Karibu, Mzee Mwidini. Mfungo unaendaje?"

"Alhamdulillahi, Bi Mwanaidi. Tumeleta lile la njano. Uliniambia miaka miwili."

"Nilikuambia. Na mimi ndiye niliyechelewa kukukumbusha. Utuwie radhi."

"Yamekwisha," alisema Mzee Mwidini. Akamtupia Jailos jicho. "Huyu mwandishi wenu sokoni alinikimbia katikati ya maongezi. Nilidhani ana wazimu."

"Anao," alisema Fanueli, akanyoosha mkono kuchukua kifurushi. "Binti, unataka utepe mweupe au wa kijani?"

"Vyote," akasema Siwema.

*

Mwezi uliandama siku ya ishirini na tisa. Redio ikatangaza, watoto wakapiga kelele mtaa mzima. Alfajiri Jailos alikuwa juu ya ngazi na kopo lake, vidole vimekufa baridi, anaijaza ile nafasi nyeupe: IDI MUBARAK. Safari hii alitumia nyekundu. Bi Mwanaidi, akienda kusali na khanga yake mpya, alisimama chini akamwangalia.

"Ukimaliza sikukuu," alisema, "kuna basi. Kaka yangu Iringa ana ubao umekaa mtupu. Nimempelekea habari zako."

"Bi Mkubwa! Kweli?"

"Nimemwambia pia asikuachie karatasi aondoke."

Watu walirudi kutoka kwenye sala wakapita dukani kupeana mikono. Mzee Mwidini alikuwa amevaa kanzu yake ileile, imepigwa pasi ikawa na makali. Siwema alikuwa na gauni la njano lililofunika magoti, na chini yake mistari miwili ya utepe, mweupe na wa kijani, inazunguka. Alikuwa anajigeuzageuza ili upepo uione.

Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao, akasimama kwa ncha za vidole, akagusa tone la rangi lililochuruzika toka herufi ya mwisho. Kidole kikatoka chekundu. Rangi ilikuwa mbichi.

"Jamani, gauni!" Jailos akapiga ukelele, akaruka toka ngazini, kitambaa cha tepentaini ya kufutia rangi mkononi. "Usijifute! Mtoto, usijifute hapo! Mzee, mshike mkono!"

Mzee Mwidini alimshika mtoto mkono taratibu, akaangalia kile kidole, akaangalia lile gauni, akamwangalia na Jailos aliyekuwa amepiga magoti kwenye vumbi na bugaluu lake la sikukuu.

"Tulia, mwandishi," alisema. "Si la mwaka jana tu?"

Baraza zima likaangua kicheko, Fanueli mpaka miwani ikaanguka. Jailos hakujua acheke au alie, akaendelea kukifuta kile kidole, kwa uangalifu, mpaka kikawa safi.